Kwa nini nitie saini mimi ninayedai?

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Wete. Karafuu zangu napeleka shirika kama watu wote, lakini mwaka wa tatu huu nakusanya pilipili manga kwa wakulima wa huku na kuziuza nje. Nina mnunuzi mmoja yupo Hamburg, Ujerumani. Ameshanunua mara mbili, na mara zote alitanguliza pesa benki ndipo nikapakia. Safari hii anataka kilo 2,400 kwa dola 6 kilo, jumla dola 14,400, ila hawezi kutanguliza. Anaomba miezi mitatu. Kaniletea karatasi tatu kwa imeili, anasema nichague yoyote, zote sawa. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenisomea.

Ya kwanza ni picha ya hundi yenye tarehe ya miezi mitatu mbele. Ya pili ni ahadi: "Tunaahidi kumlipa yeye, au atakayemtaja, dola za Marekani 14,400 siku 30 baada ya bidhaa kuuzwa, zikishatolewa gharama za kusafisha na kupima ubora." Ya tatu inaitwa hawala: "Siku 90 baada ya kuoneshwa hawala hii ya kwanza, ya pili yenye maneno na tarehe hizi hizi ikiwa haijalipwa, lipeni kwa amri yetu dola za Marekani elfu kumi na nne na arubaini, kwa thamani iliyopokelewa." Juu kwenye kona pana USD 14,400. Chini ni jina langu na pahala pa saini yangu. Jina lake lipo pembeni tu, bila saini. Anasema nyaraka zipite benki kwa D/A, na benki yake itaongeza saini ya dhamana.

Hii ya tatu inanikosesha usingizi. Mimi ndiye ninayedai, kwa nini nitie saini mimi? Nikiandika thamani imepokelewa, si nimekiri kuwa nishalipwa? Mume wangu anasema ni mtego, niachane naye. Kijana anasema benki ipo katikati, hakuna hatari. Wakulima nimewapa nusu, nusu wanangoja, na Ramadhani hiyo inakaribia. Nikimkataa naogopa atahamia kwa wengine. Nifanye nini?

Mama Pilipili, Wete

* * *

Marahaba mwanangu. Mwambie huyo kijana ahsante kwa kunakili kila neno, maana katika karatasi hizi neno moja likihama pahala pake linahama na pesa. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la biashara ya nje la benki kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na swali lako la saini nimeulizwa na watu wazima waliouza mizigo mikubwa kuliko wako. Basi usione haya.

Hawala ni amri. Anayedai humwandikia mdaiwa wake: mlipe fulani, kiasi fulani, siku fulani. Kwa hiyo anayetia saini chini ni anayedai, na anayeandikwa pembeni ni anayeamriwa kulipa. Hayo maneno "lipeni kwa amri yetu" maana yake ni kuwa pesa ni zako, na pia una haki ya kugeuza karatasi, kutia saini nyuma na kumpa mtu mwengine azipokee badala yako. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja walikuwa wakiandikiana na wenzao wa Bombay karatasi za amri za namna hii, wakiziita hundi. Sisi siku hizi neno hilo tunalitumia kwa karatasi ya benki tu, lakini ukilitazama vizuri, hata hundi ya benki ni hawala: ni amri anayoiandikia mtu benki yake, ilipe papo hapo.

Thamani iliyopokelewa nayo haisemi kuwa umelipwa. Inasema aliyeamriwa kulipa amepata kitu kwa ajili ya deni hilo, nacho hapa ni pilipili zako. Ni maneno ya kimazoea, yanaeleza kuwa deni limetokana na biashara ya kweli. Hata yakifutwa, hawala inabaki hawala. Kama yanakuchoma moyo, omba yaandikwe "kwa thamani ya pilipili manga, ankara namba fulani". Hakuna mtu atakayekukatalia.

Na hawala ya kwanza na ya pili hazikufanyi udai mara mbili wala ulipe mara mbili. Zamani karatasi zilikwenda kwa meli, meli moja ikizama ya pili inafika. Ndiyo maana zikaandikwa mbili zenye maneno sawa, na kila moja inataja kuwa inalipwa iwapo mwenzake haijalipwa. Siku hizi waweza kutoa moja tu na kuandika kuwa ni ya pekee.

Basi mpaka hapa mtego sijauona. Ila mume wako usimpuuze, kwa sababu kuna jambo amelihisi bila ya kujua jina lake. Tazama tena hiyo karatasi kama ilivyo sasa. Ukitia saini leo, ni saini ya nani iliyomo? Yako peke yako. Mnunuzi ametajwa tu, na mtu hafungwi na hawala kwa kutajwa. Anafungwa siku atakapoandika juu ya uso wa karatasi kuwa amekubali, akatia saini yake. Kabla ya hapo, akikataa kulipa unaweza kumdai kwa mkataba wa mauzo, lakini kwa hawala yenyewe hakudaiwi kitu.

Na saini yako wewe ina uzito. Mwandishi wa hawala humuahidi kila atakayeipokea baada yake kuwa italipwa. Maadamu karatasi imekaa kwenye mkoba wako, ahadi hiyo imelala. Inaamka siku utakapoipeleka benki ukaiuza kwa bei pungufu ili upate pesa za wakulima kabla ya siku 90 kwisha. Mnunuzi asipolipa, benki haihangaiki na Hamburg. Inarudi kwako, inadai yote. Zaidi ya hilo, kuuza deni la pesa kwa pesa pungufu wanazuoni wengi wanalihesabu kuwa riba. Hilo liulize kwa unayemwamini katika dini kabla hujaingia, usingoje mpaka ukafika dirishani.

Sasa turudi kwa kijana na benki yake ya katikati. Hapa namuomba aniwie radhi, kwa sababu hili ndilo wazo lililowaumiza wateja wengi mbele ya macho yangu. Nyaraka zinapopita benki kwa ajili ya kukusanyiwa malipo, benki ni tarishi. Kanuni zinazofuatwa ni zile za Chama cha Kimataifa cha Biashara cha Paris, kijitabu namba 522, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 1996. Kwa kanuni hizo benki inachukua nyaraka, inazionesha, inafuata maagizo yako na kukuletea jibu. Haiahidi kukulipa. Mnunuzi akikataa, itakuandikia kuwa amekataa, na kazi yake imekwisha.

Linalobadilisha mambo ni agizo unalolitia kwenye fomu. D/A maana yake nyaraka apewe akishakubali hawala. Atatia saini, atachukua hati ya shehena, atakwenda bandarini kuchukua pilipili, na wewe utabaki na karatasi kwa miezi mitatu. D/P maana yake apewe akishalipa. Hapo mzigo unabaki kwenye milki yako mpaka pesa zitoke, ilimradi unakwenda kwa meli na hati ya shehena imeandikwa kwa amri yako au ya benki. Ukienda kwa ndege kinga hiyo haipo, maana hati ya ndege haishiki umiliki wa mzigo. Aliyetajwa kuwa mpokeaji anaweza kuupata bila ya karatasi halisi. Na kama fomu imekaa kimya na hawala ni ya siku za mbele, kanuni zile zinasema nyaraka zitolewe kwa malipo tu. Kwa hiyo D/A haiji yenyewe. Wewe ndiye unayeiandika, na ujue unapoiandika kuwa unamkopesha mtu dola 14,400 bila rehani.

Lakini D/P nayo ina upande wake wa pili. Asipolipa, pilipili zipo Hamburg, ghala linahesabu siku na gharama ni zako. Itabidi umtafute mnunuzi mwengine kule kule, au uzirudishe kwa nauli yako. Kwa mtu mwenye kilo 2,400 na wakulima mlangoni, huo nao ni msiba.

Tuje kwenye siku. "Siku 90 baada ya kuoneshwa" hazianzi siku unayopakia wala siku unayoandika. Zinaanza siku anayoikubali hawala. Chukua mfano: nyaraka zimefika Hamburg, akakubali tarehe 12 Machi. Siku yenyewe ya 12 haihesabiwi. Machi inabaki na 19, Aprili 30, Mei 31, hizo ni 80, na 10 za Juni. Malipo ni tarehe 10 Juni. Sasa tuseme kaamua kungojea meli ifike kwanza, kaenda benki tarehe 2 Aprili. Hesabu ile ile inakufikisha tarehe 1 Julai. Wiki tatu zimekwenda na hakuna aliyevunja neno. Ukiomba iandikwe siku 90 baada ya tarehe ya hati ya shehena, na tarehe yenyewe ikatajwa, au ikaandikwa siku kamili ya kalenda, mwanya huo unafungika. Kwa mnunuzi mwenye nia njema ni badiliko dogo, na jibu lake litakuonesha kitu.

Na hapa kuna jambo ambalo sijui kama ni kusudi au ni mkono kuteleza, na sitaki kumdhania vibaya mtu aliyekulipa mara mbili. Kwenye kona pana 14,400. Ndani ya maneno ni elfu kumi na nne na arubaini, yaani 14,040. Maneno na tarakimu zikigombana, maneno ndiyo yanayoshinda. Ndivyo ilivyo katika sheria ya Kiingereza ya 1882, ambayo zetu huku zimetokana nayo, na ndivyo ilivyo katika sheria ya Geneva ya 1930 inayofuatwa Ujerumani. Ungetia saini hivyo, dola 360 zingekuponyoka, nazo kwa bei yako ni kilo 60 za pilipili. Omba karatasi iandikwe upya. Usikubali kukwaruza na kuandika juu, hawala iliyochorwachorwa ni ugomvi unaongoja siku yake.

Ile dhamana ya benki yake ndiyo inayoweza kuigeuza shughuli hii yote. Benki ikitia saini ya dhamana kwenye uso wa hawala, inabeba mzigo ule ule wa mtu iliyemdhamini, na hapo kweli una benki inayodaiwa, si tarishi. Ila kuna mlango mdogo hapo, na nimeona watu wakipita bila kuuona. Sheria ya Geneva inataka dhamana itaje ni kwa ajili ya nani. Isipotaja, inahesabiwa kuwa ni kwa ajili ya mwandishi wa hawala. Mwandishi ni nani, mwanangu? Ni wewe. Benki itakuwa imekudhamini wewe kwa watakaoipokea kutoka kwako, na mnunuzi hana mdhamini hata mmoja, na wewe unayedai hupati faida yoyote kwa saini hiyo. Kwa hiyo yasiwe maneno "kwa dhamana" peke yake na muhuri mzuri. Iandikwe kuwa ni kwa ajili ya mkubali, na jina la kampuni yake litajwe. Na isiwe jambo la kuja baadaye: agizo lako liseme nyaraka zitolewe akishakubali na benki ikishatia dhamana, yote mawili kwa pamoja.

Ahadi ya kulipa huenda uliiona nyepesi kwa sababu haikutaki saini wewe. Kwa umbo lake ni nzuri kweli: anayeitia saini ni yeye, na amefungwa tangu siku hiyo, bila ya kungoja kukubali. Tatizo ni maneno yake. "Siku 30 baada ya bidhaa kuuzwa." Zisipouzwa je? Karatasi ya namna hii hutakiwa iwe bila sharti, na deni linalongoja jambo ambalo huenda lisitokee haliwi ahadi ya kisheria ya aina hii, hata kama baadaye pilipili zikauzwa zote. Na "zikishatolewa gharama" inaua kiasi: 14,400 toa kitu kisichojulikana si kiasi maalumu. Ulichopewa hapo ni barua ya makubaliano iliyovishwa nguo ya hati. Lakini ifute sehemu hizo mbili, weka siku ya kalenda, weka 14,400 kwa tarakimu na kwa maneno, na kampuni itie saini kwa mwenye mamlaka ya kuifunga, utakuwa na karatasi safi kuliko hawala isiyokubaliwa. Nimejiuliza kwa nini hukuiuliza sana hii. Pengine kwa sababu haikukutisha.

Hundi sitaikalia sana. Picha ya hundi haina thamani, benki inataka karatasi yenyewe. Ikifika, itatumwa Ujerumani kukusanywa, kwa wiki kadhaa na kwa ada, na tarehe ya mbele maana yake ni kuwa leo pengine pesa hazimo. Namkumbuka mteja wangu mmoja aliyewekewa pesa kwenye akaunti, akazitumia, kisha hundi ikarudi bila kulipwa na akaunti ikakatwa zote. Alidhani kuona tarakimu kwenye salio ni kulipwa. Na siku yoyote mtu akikutumia hundi ya zaidi ya deni akakuomba umrudishie iliyozidi, usirudishe hata senti.

Sasa unachoniuliza hasa, ufanye nini, ni wewe unayejua uzito wake. Mimi nakuwekea mezani. Unaweza kumpa muda wote anaoutaka kwa hawala au ahadi iliyonyooshwa, pamoja na dhamana ya benki yake. Hilo litamgharimu ada kule, na huenda akataka kupunguziwa bei. Unaweza kumuomba atangulize kiasi, tuseme sehemu ya tatu, dola 4,800, uwamalize au uwapunguze wakulima kabla ya Ramadhani, na zilizobaki ziwe za hawala. Hapo hatari yako inashuka mpaka 9,600 lakini haiondoki. Unaweza kupakia nusu kwanza. Unaweza kushika D/P na kukubali hatari ya ghala. Na unaweza kumkataa kama anavyosema mume wako, ukabaki na pilipili kavu ambazo zikihifadhiwa vizuri hazina haraka ya kuoza, lakini wakulima wana haraka.

Kitu kimoja nakuomba uulize upya, kwa upole. Unasema ukimkataa atahama. Je, umemuuliza kwa nini mara hii hawezi kutanguliza? Huenda naye ana mteja anayemlipa kwa siku 90, jambo la kawaida tu katika biashara zao. Huenda amebanwa na pesa, na hilo ungependa kulijua kabla ya kumkopesha. Mtu aliyelipa mara mbili anastahili kuulizwa, si kukatwa, na si kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Swali hilo halimfukuzi mnunuzi wa kweli. Mwandikie pia kuwa karatasi tatu hizi si sawa, na umtajie unayotaka ibadilishwe: siku, maneno ya kiasi, na dhamana.

Na mume wako mkae naye mumsomee haya. Hofu yake ni ya mtu anayejua kuwa saini ya mkewe itarudi nyumbani kwake, na anayo haki ya kujua saini hiyo inabeba nini na haibebi nini. Mkiwa na hawala iliyokubaliwa, lipo jambo moja zuri la kumwambia: Ujerumani kuna mashitaka ya hawala yanayokwenda mbio, yanayosikilizwa kwa karatasi zenyewe, na mdaiwa hawezi kuyasimamisha kwa kusema pilipili zilikuwa na vumbi, hayo atayadai baadaye kwa njia nyengine. Dhidi ya aliyekubali una miaka mitatu tangu siku ya malipo.

Chochote mtakachoamua, ipeleke rasimu kwenye dawati la biashara ya nje la benki yako Chake au Wete kabla ya kutia saini, wala si baada ya mzigo kushuka Mkoani. Na siku itakapokuja nakala yenye muhuri wa benki ya Hamburg, kabla ya kutazama muhuri, mpe kijana akusomee ule mstari mdogo chini ya neno la dhamana: imeandikwa kwa ajili ya nani.